Njia inabana, mafuta yanaenda mbio, halafu presha inapanda? Msaada kuhusu utando wa mafuta chini ya pedi bapa

#1 BintiMitambo

Wakuu, habari za leo. Kuna jambo limenikaa kichwani wiki nzima na nimeshindwa kulimaliza peke yangu.

Karakana ya chuo tuna kifaa cha majaribio ya beringi: disiki bapa ya chuma inayozunguka, na juu yake pedi moja ya mraba, milimita 60 kwa 60, imeshikwa na skrubu nne za kurekebishia. Pedi haichezi yenyewe, mwanya tunaupanga sisi. Upande mafuta yanakoingilia nimeacha mikroni 60, upande wa kutokea mikroni 30. Mafuta ni ya namba 32, tangi liko nyuzi 38, kwa hiyo nimechukua mnato wa 0.03 Pa·s. Disiki inapita chini ya pedi kwa mita 10 kwa sekunde. Katikati ya pedi, kufuata mwendo, kuna matundu matano yenye vipimo vya presha, kila baada ya milimita 10.

Kabla ya kuwasha niliandika matarajio yangu: njia inapungua, mafuta yanaongeza kasi, kwa Bernoulli presha inashuka, basi pedi itavutwa chini kuelekea disiki. Nilipowasha, vipimo vilionyesha (kwa MPa) 0.8, kisha 1.5, 2.1, 2.3 na 1.8. Pedi inasukumwa juu, tena kwa nguvu kweli.

Maswali yangu ni mawili. Kwa nini presha inapanda pale ambapo Bernoulli anasema ishuke? Na la pili, kanuni niliyopewa darasani inanipa kilele cha MPa 5. Mimi nimepata 2.3. Nusu nzima imekwenda wapi?

#2 GerejiKuu

Pole dada. Beringi ikianza kusumbua hivyo mara nyingi ni grisi imekauka au gololi zimeanza kuliwa. Ifungue, ioshe na dizeli, itie grisi mpya. Ukiizungusha kwa mkono na kusikia mkwaruzo, nunua nyingine, usihangaike na hesabu.

#3 BintiMitambo

Asante kaka, ila hii haina gololi wala roli. Ni nyuso mbili bapa na mafuta katikati, basi. Hakuna kilichoharibika, ninachotafuta ni sababu ya presha.

#4 Kasimoja

Mbona rahisi. Mafuta hayabanwi yakapungua ujazo. Unayasukuma yaingie kwenye njia inayozidi kuwa nyembamba, yanakosa pa kwenda, presha inapanda. Ni kama umati wa watu mlangoni. Palipo pembamba zaidi ndipo penye presha kubwa zaidi.

#5 MzeeTurbaini

Binti, Bernoulli hakukosea, umemwita kutoa ushahidi kwenye kesi asiyoihusu. Kanuni yake inafuata umiminiko ambao mnato wake hauna uzito wowote katika hesabu: kinachobadilishana ni mwendo na presha tu. Wewe mafuta yako yamo kwenye mwanya mwembamba kuliko unywele, na kila tabaka linamkokota mwenzake.

Anza kwa kupima ukubwa wa vitu. Mafuta yana kilo kama 870 kwa mita ya ujazo. Nusu ya ρU² kwa mita 10 kwa sekunde ni Pa 43,500, yaani MPa 0.04 na kitu. Maana yake hata kama mafuta yote yangesimamishwa ghafla na mwendo wao wote ukageuka presha, ungepata 0.04. Kipimo chako kinasoma 2.3. Kwa hiyo Bernoulli, apandishe au ashushe, hana uwezo wa kuonekana kwenye kipimo chako.

Sasa chukua mlinganyo wa momenta kwa mwelekeo wa mwendo, uweke namba kabla ya kufuta chochote:

```
ρ(u ∂u/∂x + v ∂u/∂y) = -∂p/∂x + μ ∂²u/∂y²
```

Upande wa kushoto ni inesha. Ukubwa wake ni ρU²/L, kwako kama milioni 1.45 Pa kwa mita. Neno la mnato ni μU/h². Penye mikroni 60 linatoa milioni 83, penye mikroni 30 linafika milioni 333. Hata pale mwanya ulipo mpana, inesha haifiki sehemu mbili kwa mia ya mnato. Ifute bila wasiwasi. Kwa kuwa utando ni mwembamba sana ukilinganisha na urefu, presha haibadiliki kutoka juu kwenda chini ndani ya mwanya. Kinachobaki ni hiki tu:

```
dp/dx = μ d²u/dy²
```

Neno la kasi mraba halipo tena. Ndiyo sababu hoja ya "kasi imepanda, presha ishuke" haina pa kushika.

#6 BintiMitambo

Shikamoo mzee, na asante. Hapo kwenye kupima ukubwa nimekuelewa kabisa, na naona nilipaswa kuanzia hapo. Lakini mlinganyo huo unasema presha inahusiana na kupinda kwa umbo la kasi. Hausemi ipande au ishuke. Kwa nini kwangu imepanda?

#7 HesabuTupu

Hapo ndipo uhifadhi wa mafuta unapoingia. Chukua intigrali mara mbili. Chini kasi ni U kwa sababu mafuta yameshikamana na disiki, juu ni sifuri kwa sababu yameshikamana na pedi. Kisha jumlisha kasi kutoka chini hadi juu upate mtiririko kwa kila mita ya upana:

```
q = U h/2 - (h³/12μ) dp/dx
```

Tulia hapa kidogo, maana jibu lako lote limo kwenye mstari huu. Sehemu ya kwanza ni mafuta yanayokokotwa na disiki. Sehemu ya pili ni mafuta yanayosukumwa na presha.

Tuseme presha haipo kabisa. Mlangoni disiki ingeingiza 10 mara mikroni 60 gawa kwa 2, yaani 0.0003 m²/s. Kwenye kutokea ingetoa 0.00015 tu. Yanaingia mara mbili ya yanayotoka. Haiwezekani, kwa kuwa mafuta hayarundikani. Kwa hiyo lazima kitokee kitu cha kuzuia mlangoni na kusaidia mwishoni, na kitu pekee kilichopo ni presha. Inapanda kutoka mlangoni, hivyo inarudisha nyuma sehemu ya mafuta yanayoingia. Baadaye inashuka kuelekea mwisho, hivyo inayasukuma mbele yanayotoka. Mtiririko halisi kwako ni 0.0002. Mlangoni presha imerudisha 0.0001, mwishoni imeongeza 0.00005. Hesabu imefunga.

#8 Kasimoja

Si ndiyo nilichosema? Yanakosa pa kwenda, presha inapanda.

#9 MzeeTurbaini

Umekaribia, Kasimoja, na picha yako ya mlangoni si mbaya. Ila imepungua mahali pawili.

Kwanza umesema "unayasukuma yaingie". Hakuna anayesukuma. Mlangoni presha ni ya hewa tu, sawa na pale kwenye kutokea. Kinachoyaingiza ni disiki inayoyakokota kwa chini. Simamisha disiki, halafu yapitishe mafuta kwenye kabari hiyohiyo kwa pampu: utaona presha inashuka tu kuanzia mlangoni hadi mwisho, haipandi popote. Njia kubana peke yake hakutoshi. Zinahitajika tatu kwa pamoja: mnato, uso unaotembea, na mwanya unaopungua kufuata mwendo.

Pili umesema presha kubwa iko palipo pembamba zaidi. Tazama vipimo vya binti: kikubwa ni cha nne, milimita 40 kutoka mlangoni. Palipo pembamba zaidi ni ukingo wa kutokea, na pale mafuta yanakutana na hewa, presha ni sifuri juu ya ile ya hewa. Kilele kinakaa pale ambapo mafuta yanayokokotwa peke yake yanalingana na mtiririko halisi, yaani Uh/2 ni sawa na q. Kwa namba zake mwanya wa mahali hapo ni mikroni 40. Na 60 ikishuka hadi 30 kwa mstari ulionyooka, 40 iko theluthi mbili ya njia. Milimita 40 kamili.

Jambo hili liligunduliwa kwa bahati. Beauchamp Tower, miaka ya 1883 na kuendelea, alikuwa akipima msuguano wa beringi za ekseli za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie mafuta, yeye akashangaa mafuta yanapanda na kumwagika kupitia tundu hilohilo. Akaziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Alipofunga kipimo, presha ilizidi mara mbili ya ule mzigo ukigawanywa kwa eneo. Reynolds akaichukua habari hiyo na mwaka 1886 akatoa mlinganyo ambao HesabuTupu ametuandikia hapo juu kwa sura yake nyepesi.

#10 Kasimoja

Hapo kwenye pampu na disiki iliyosimama umenipa kitu cha kufikiria. Nakubali. Sikuwa nimetenganisha kusukuma na kukokota.

#11 HesabuTupu

Kumalizia: kwa kuwa q haibadiliki, mteremko wa presha ni

```
dp/dx = 6μU (h - h*)/h³,   h* = 2 h1 h2/(h1 + h2)
```

Kwa mwanya unaoshuka kwa mstari, presha na mzigo kwa kila mita ya upana vinatoka hivi (K ni h1/h2):

```
p = 6μUL/(h1² - h2²) · (h1 - h)(h - h2)/h²
W = 6μUL²/(h2²(K-1)²) · [ln K - 2(K-1)/(K+1)]
```

Asiyeamini intigrali zangu aendeshe hii:

```python
import numpy as np
mu, U, L = 0.03, 10.0, 0.06
h1, h2 = 60e-6, 30e-6
x = np.linspace(0, L, 2001)
h = h1 - (h1 - h2)*x/L
hs = 2*h1*h2/(h1 + h2)
g = 6*mu*U*(h - hs)/h**3
p = np.concatenate(([0], np.cumsum((g[1:] + g[:-1])/2*np.diff(x))))
W = np.sum((p[1:] + p[:-1])/2*np.diff(x))
print(p.max()/1e6, x[p.argmax()]/L, W)
```

Utapata kilele cha MPa 5 kwenye theluthi mbili, na mzigo wa N 190,660 hivi kwa mita ya upana. Kwa pedi ya milimita 60 ni kama N 11,440. Ukichora p utaona inapanda polepole kisha inaporomoka: mteremko wa mwisho ni mkali mara nne kuliko wa mwanzo.

Nilichokipenda kwenye kesi hii ni umbo la kasi mlangoni. K yako ni 2 kamili, na kwa K ya 2 mafuta yaliyo jirani na pedi pale mlangoni yamefika ukingoni mwa kusimama. Ukiongeza mwanya wa mlangoni kidogo tu, yale ya juu yanageuka na kurudi nje huku ya chini yakiendelea kuingia. Hakuna kilichoharibika hapo, ni presha inafanya kazi yake ya kurudisha ziada.

#12 BintiMitambo

Asanteni sana. Swali la kwanza limekwisha, nimelichora mwenyewe na limekaa. Lakini 5 yenu ni ileile 5 yangu. Kipimo kinasoma 2.3, nimekihakiki kwa kipimo kingine.

#13 MzeeTurbaini

Kanuni hiyo inaamini pedi yako ina upana usio na mwisho, mafuta hayana njia ya pembeni. Pedi yako ni ya mraba. Mafuta yaliyo katikati yenye MPa kadhaa yana milimita 30 tu kufika ukingo wa kushoto au wa kulia, ambako kuna hewa. Yanavuja. Kwa pedi ya mraba yenye K ya 2, mzigo unabaki kama asilimia 43 ya ule wa kanuni, na kilele cha mstari wa katikati kinabaki kama sehemu sita kwa kumi. Hiyo inakuleta kwenye MPa 3 hivi, na mzigo kama N 5,000 badala ya 11,440.

Watu wengi huchukua kanuni ya darasani, wakapanga pedi, wakapata mashine isiyobeba hata nusu ya walichotegemea. Hiyo 43 ndiyo namba ya kwanza ninayomuuliza kijana yeyote.

Kutoka 3 hadi 2.3 angalia joto. Kukokotana kwa matabaka kunakula nguvu. Kwa kanuni ya upana usio na mwisho msuguano wako ni N 464 hivi kwa mita ya upana, mara mita 10 kwa sekunde ni wati 4,640. Zigawe kwa mafuta yanayopita: yakibeba joto lote, yanapanda nyuzi kama 14 kati ya kuingia na kutoka. Mafuta ya namba 32 yakitoka nyuzi 38 kwenda 52 yanapoteza karibu asilimia 40 ya mnato wake. Na presha inafuata mnato moja kwa moja. Ile 0.03 yako ni ya tangi. Chini ya pedi kuna mnato mwingine.

#14 SkrubuNne

Samahani kuingilia. Mzee amesema kweli kuhusu joto lakini ameruka kitu. Pedi ile inasukumwa juu na N 5,000, na kinachoizuia ni skrubu nne na fremu. Chuma kinavutika. Ikipanda mikroni 3 tu, 60/30 inakuwa 63/33, na kilele cha kanuni kinashuka kutoka 5 hadi 4.06. Karibu moja ya tano imepotea kwa mikroni 3! Mwanya aliupanga disiki ikiwa imesimama. Ikizunguka, mwanya si ule tena.

Nilishawahi kupoteza mwezi mzima kwenye kifaa cha namna hii nikilaumu mafuta, kumbe fremu ilikuwa inafunguka kama mdomo.

#15 MzeeTurbaini

Hoja nzuri, na siwezi kuipinga nikiwa nimekaa hapa. Zote mbili zinashusha presha kadiri kasi inavyopanda, kwa hiyo kubadilisha kasi peke yake hakutazitenganisha. Zinatofautiana kwenye muda. Fremu inavutika papo hapo mzigo unapofika. Chuma cha pedi na disiki kinapata moto polepole, na kikiwa bado baridi kinanyonya joto la utando. Binti, acha kila kitu kipoe hadi nyuzi 38, washa, soma tundu la nne sekunde za mwanzo, kisha soma tena baada ya dakika 10. Kinachopotea katikati ni joto. Kinachokosekana tangu mwanzo ndicho tutakigombania.

#16 GerejiKuu

Dada nisamehe kwa jibu langu la kwanza, nilisoma neno beringi nikakimbilia gololi. Nimefuatilia uzi na sasa nina langu.

Nina mashine ya kusaga nyuso. Meza yake inakwenda na kurudi juu ya reli bapa zenye mafuta. Meza na reli zimekwanguliwa kwa mkono hadi zinalingana, sambamba kabisa, hakuna kabari. Ikienda taratibu inashtukashtuka. Nikiongeza mwendo inatulia na inateleza, na saa ya kupimia inaonyesha meza imeinuka mikroni kadhaa. Kwa kanuni yenu, h1 ikiwa sawa na h2, presha ni sifuri. Nani anainua meza yangu?

#17 HesabuTupu

Kwa nyuso sambamba, mnato usiobadilika na uzito wa mafuta usiobadilika, ni sifuri. Uh/2 ni ileile kila mahali, hakuna ziada ya kurudisha. Kwa hiyo mojawapo ya masharti hayo limevunjika. Dau langu ni kwamba nyuso zako si sambamba. Ukingo wa mbele wa meza huwa umeviringwa kidogo kwa kuliwa au kwa jiwe la kunolea, na kabari ya mikroni chache inatosha kabisa.

#18 MzeeTurbaini

Ukingo ulioviringwa ni mshukiwa wa kwanza, nakubali. Lakini si wa pekee. Mwaka 1946 Fogg alionyesha kwa majaribio kwamba nyuso zilizotengenezwa sambamba zilibeba mzigo wa kutosha kabisa. Yeye aliona sababu ni mafuta kutanuka yakipata joto njiani: ujazo unaongezeka, kwa hiyo ni kana kwamba mwanya umepungua.

#19 HesabuTupu

Mzee, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe kwa kesi ya GerejiKuu. Mafuta yanatanuka chini ya sehemu moja kwa elfu kwa kila nyuzi. Kwa nyuzi 14 ni kama asilimia moja, sawa na mwanya kutoka 30 kwenda 29.7. Wakati huohuo joto lilelile limeondoa asilimia 40 ya mnato. Meza inayokwenda polepole kuliko disiki ya binti haina hata joto hilo. Naona zaidi uso wenyewe kupinda kwa joto kidogo na kujitengenezea kabari.

#20 MzeeTurbaini

Kupinda kwa joto nako kupo, nimekuona kwenye pedi kubwa. Kwa meza yake sitabisha sana. Kwa majaribio yenyewe ya Fogg bado siko tayari kusema ni kupinda tu. GerejiKuu, weka rula ya kunyooshea kwenye ncha za meza na karatasi ya rangi ya bluu. Milimita tano za mwisho zisiposhika rangi, HesabuTupu ameshinda.

#21 BintiMitambo

Nimerudi na majibu. Nilipoza kila kitu usiku kucha, nikaleta mafuta hadi 38. Tundu la nne, sekunde za mwanzo: 2.8. Baada ya dakika 10: 2.3, na hapo halisogei tena. Tangi lilifika nyuzi 41, na chuma cha pedi karibu na ukingo wa kutokea kilifika 50. Kwa hiyo 0.5 ni joto bila ubishi.

Nikafanya na kitu ambacho sikuambiwa. Nilizungusha disiki kinyume, yaani mafuta yakaingilia upande wa mikroni 30. Kanuni inageuza alama na kutoa hasi 5. Vipimo vyote vitano vilisoma karibu sifuri, na pembeni ya pedi mafuta yakawa meupe kwa mapovu.

#22 MzeeTurbaini

Marahaba, hilo la kinyume ni jaribio zuri kuliko yote uliyofanya. Hasi 5 haiwezi kutokea. Mafuta hayavumilii kuvutwa hivyo, utando unakatika, hewa iliyoyeyuka inatoka na nyingine inaingia pembeni. Kwa hiyo kanuni ile ni ya upande unaobana tu. Ukiiona inakupa presha hasi kubwa, jua imekuambia "hapa hakuna utando", na mzigo wa sehemu hiyo uhesabu sifuri.

Nimewahi kuliona hili kwenye mashine ya wima yenye pedi zinazoegemea kwenye ncha, ambapo ncha haikuwa katikati bali imesogezwa kuelekea upande wa kutokea. Baada ya matengenezo mtu alizifunga pedi zote zikiwa zimegeuzwa. Zilikuwa zinalingana kwa vipimo vyote, zinaingia mahali pake, hakuna aliyeshtuka. Mashine ilipowashwa joto la pedi lilipanda kwa dakika chache na tukazima. Tulipofungua, madini laini ya uso yalikuwa yamepakwa kama siagi kuelekea mwendo, kwenye kila pedi, mahali palepale. Pedi moja ikiungua peke yake, tafuta uchafu au mafuta kutofika. Zikiungua zote sawasawa namna hiyo, chunguza kwanza kabari inatazama wapi.

#23 Kasimoja

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kwa nini K ya 2? Si mngeweka 3 au 4, kabari kali zaidi, presha zaidi?

#24 HesabuTupu

Weka K kwenye kanuni ya mzigo huku h2 ikibaki ileile. Kwa 1.5 kigezo cha mbele ya μUL²/h2² ni 0.131. Kwa 2 ni 0.159. Kilele kiko karibu na 2.2, ni 0.160. Kwa 3 kimeshashuka hadi 0.148, maana mlango mpana unaruhusu mafuta mengi zaidi kurudi nje. Juu ni tambarare kabisa, kwa hiyo kukosea K hakuumizi sana. Kinachoumiza ni h2, kwa sababu imo chini ikiwa mraba. Ndiyo maana mikroni 3 za SkrubuNne zinauma.

#25 SkrubuNne

Na ndiyo maana bado nadai changu. Binti alianza na 2.8, mzee alitegemea 3 au zaidi kidogo. Hiyo tofauti ni mikroni moja hivi ya fremu.

#26 MzeeTurbaini

Au ni joto la papo hapo ndani ya utando, ambalo chuma baridi hakikuwahi kulinyonya lote. Au mikroni moja ya kupanga skrubu. Kwa tofauti ndogo hiyo sitaapa.

#27 BintiMitambo

Nimeazima kipimo cha ukaribu kisichogusa. Kesho nitakifunga kwenye pedi kikitazama disiki, kimoja pembe ya kuingilia na kingine pembe ya kutokea, nisome mwanya mashine ikiwa inazunguka. SkrubuNne, ukiwa na muda niambie ulikifunga wapi chako, maana hapa kwangu fremu inaonekana nene upande mmoja kuliko mwingine na nahofia haitafunguka sawa.

#28 SkrubuNne

Usikifunge kwenye fremu. Kishike kwenye pedi yenyewe, karibu na matundu, la sivyo utapima fremu ikijipima. Na soma kwanza disiki ikizunguka taratibu bila mzigo, kwa sababu disiki nayo huyumba mikroni kadhaa kila mzunguko, utahitaji kuitoa hiyo.

#29 GerejiKuu

Nimepaka bluu. Ncha moja ya meza milimita nne hazijashika rangi. Ncha ya pili imeshika hadi mwisho kabisa, na bado meza inainuka ikienda pande zote mbili. Sasa?